Pojo zilizoota ndani ya friji: kwa nini hazifanani na kabichi wala tango

Pojo zilizoota zimeingia kwenye kachumbari za watu wengi huku Lamu na Malindi. Kuna wanaoziotesha jikoni kwa sababu ya sukari au uzito, kuna wanaozila hotelini juu ya saladi, na kuna wanaozinunua zikiwa tayari kwenye pakiti. Zikibaki, zinafunikwa na kuwekwa kwenye friji, halafu zinachotwa mbichi kidogo kidogo kwa siku nne au tano. Mtu akionywa kwamba zina hatari, hujibu kwa jambo linaloonekana kuwa na mantiki: "Mbona kabichi nakula mbichi na inakaa friji wiki nzima, hizi zina nini?"

Swali hilo ni zuri na lina jibu. Ila jibu lenyewe haliko kwenye friji. Liko kwenye siku mbili au tatu kabla pojo hazijafika humo.

Tuelewane kwanza kwa majina. Pojo ni zile punje ndogo za kijani ambazo bara huitwa ndengu na Tanzania huitwa choroko. Pojo zilizoota ni punje hizo baada ya kulowekwa na kuachwa kwenye unyevu mpaka zikatoa mkia mweupe. Kila nitakaposema vijidudu, nakusudia bakteria wanaowaugulisha watu kupitia chakula, na hasa watatu: salmonela, aina kali za E. koli, na listeria. Ninayoyasema kuhusu pojo yanahusu pia uwatu, dengu na mbegu nyingine yoyote inayooteshwa ikaliwa na mkia wake.

Chukua robo kilo ya pojo kutoka dukani. Humo mna punje kama elfu tano. Zililimwa shambani, zikakauka juani, zikapigwa ili zitoke kwenye maganda, zikaanikwa, zikatiwa guniani, zikakaa ghalani. Katika safari hiyo yote kuna ndege, panya, mbuzi, vumbi la samadi na mikono ya watu. Hakuna aliyefanya kosa, maana pojo hulimwa na kuuzwa kwa kudhaniwa kwamba zitachemshwa. Zikipikwa kwa nazi kwa muda wa saa nzima, uchafu wowote mdogo wa ghalani unaishia kwenye sufuria. Lakini punje hiyo hiyo, ikiwa kavu, inaweza kubeba salmonela iliyolala kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Ukavu hauiui; unaisimamisha tu. Na zile nyufa ndogo zinazopatikana punje zikipigwa huwa vijumba vyake, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki sawasawa.

Sasa tuzifuate punje hizo. Tuseme zimelowekwa Alhamisi saa tatu usiku, na katika punje elfu tano, moja tu ina kinyesi kidogo cha ndege kilichokaukia ubavuni, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Jambo la kwanza linalotokea ni kwamba maji yanakichukua kile kilichokuwa kwenye punje moja na kukigawia punje zote. Kufikia asubuhi huwezi tena kusema punje mbaya ni ipi. Ukichagua pojo kwa makini, ukatoa mawe na zilizobunguliwa, umefanya kazi ya maana, lakini kazi hiyo haigusi jambo hili.

Jambo la pili ni chakula. Punje inayoamka huanza kuvunja wanga na protini yake ili ilishe mkia, na sehemu ya sukari na virutubisho hivyo huvuja kwenye maji. Ndiyo maana maji ya kulowekea huwa na rangi ya manjano na povu jepesi. Povu lile ni mlo, na kijidudu kilichokuwa kimelala mwaka mzima kimepata maji na chakula kwa wakati mmoja.

Jambo la tatu ni joto, na hapa sisi wa pwani tuna tabu yetu. Jikoni Malindi au Lamu, hata usiku, joto hukaa kwenye nyuzijoto 25 hadi 30 na zaidi. Pojo zilizofungwa kwenye kitambaa na kutundikwa huongeza joto lake zenyewe, kwa sababu mbegu inayoota inapumua. Ingiza kidole katikati ya kifurushi siku ya pili utahisi pana joto kuliko nje. Joto hilo ndilo linalofanya pojo zetu ziote haraka, mkia ukaonekana ndani ya siku moja. Ndilo joto hilo hilo ambalo salmonela na E. koli hulipenda.

Piga hesabu nyepesi. Kijidudu kimoja kikijigawa mara moja kwa saa, baada ya saa 5 ni 32, baada ya saa 10 ni 1,024, na baada ya saa 20 ni zaidi ya milioni moja. Kwenye kitambaa mambo hayaendi kwa usafi wa hesabu hiyo, kwa sababu kuna bakteria wengine wengi wasio na madhara wanaogombania chakula, na nafasi hujaa. Hata hivyo, majaribio ya maabara ambayo mbegu zilitiwa salmonela kwa makusudi yameonyesha ikiongezeka mara elfu moja hadi mara elfu kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika siku mbili za mwanzo. Yaani kufikia Jumamosi usiku, mkia ukiwa bado ni sentimita moja au mbili na pojo zinanukia uchanga mzuri, shughuli kubwa imeshamalizika.

Hapo ndipo kabichi inapoachana na pojo. Kabichi nayo hutoka shambani na vumbi lake, nayo hushikwa na mikono. Lakini uchafu ulioko juu ya kabichi nzima hukaa kwenye jani kavu lenye nta, hauna sukari ya kula, na jua limekuwa likiupiga tangu shambani. Kijidudu kilichopo hapo kinaning'inia tu, na vingi hufa. Ukibandua majani mawili ya nje na kuosha yaliyobaki, umeondoa sehemu kubwa. Tango na nyanya ni hivyo hivyo zikiwa nzima. Hakuna mtu anayechukua kabichi, akailoweka usiku kucha, akaifunga kwenye kitambaa chenye maji kwa siku mbili kwenye joto la nyuzijoto 30, kisha akaila mbichi pamoja na mizizi. Kwa pojo ndivyo tunavyofanya, tena hatuwezi kufanya vingine, maana bila maji na joto hazioti.

Basi Jumapili asubuhi pojo zetu zinaingia kwenye friji. Watu wengi huamini kwamba hapo usafi unaanza. Fikiria donge la mahamri lililotiwa hamira na kuachwa mezani mpaka likaumuka. Ukilitia kwenye friji halirudi kuwa dogo; linabaki vile vile lilivyofura, na ukichelewa kulitoa utakuta limeendelea kuumuka polepole humo ndani. Baridi huzuia hamira isikimbie, haiirudishi ilikotoka. Vijidudu vilivyozaliana kwenye pojo tangu Ijumaa viko hai Jumapili, viko hai Jumatano, na vinasubiri tumboni mwako penye nyuzijoto 37.

Tena kuna hatua ya kuingia friji ambayo hufanywa vibaya mara nyingi. Pojo huwekwa kwenye bakuli lenye kina, zimeshindiliwa na kufunikwa zikiwa bado na joto la kitambaa. Za pembeni hupoa upesi, lakini za katikati huchukua saa kadhaa kupoa, kwa sababu zimejifunika zenyewe na bado zinapumua. Mvuke wake huganda chini ya mfuniko na kudondoka kama matone. Katika saa hizo katikati ya bakuli ni kama bado pametundikwa jikoni. Chombo kipana chenye pojo zisizozidi vidole viwili kwenda juu, na karatasi kavu ya jikoni chini yake, hupoa haraka zaidi na hakitunzi maji.

Halafu kuna friji yenyewe. Inatakiwa ndani iwe nyuzijoto 4 au chini. Kwenye baridi hiyo salmonela na E. koli karibu zinasimama kabisa. Friji inayofunguliwa kila mara na watoto wanaotafuta maji baridi, yenye mpira wa mlango uliolegea, iliyojazwa mpaka hewa haipiti, inaweza kukaa nyuzijoto 8 au 10 bila mtu kujua, kwa kuwa mkono wako uliotoka kwenye joto la nje utaihisi ni baridi tu. Namna ya kujua ni kuweka kipimajoto ndani ya gilasi ya maji kwenye rafu ya kati, ukaiacha usiku kucha na kusoma asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hushikilia baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Ukipita hapo, au mlango ukifunguliwa katikati, pojo zilizoota ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupelekwa jikoni zikapikwe au kutupwa. Siku nne kwenye friji ya namna hiyo si siku nne za kusimama.

Na listeria ni kisa peke yake. Huyu hasimamishwi na nyuzijoto 4. Huendelea kuzaliana polepole kwenye baridi ambayo wenzake wameishindwa. Anapenda sehemu zenye unyevu ambazo kitambaa hakifiki: mikunjo ya mpira wa mlango, kitundu cha maji nyuma ya friji, chini ya droo ya mboga. Kwa hiyo kwake kila siku ya ziada ina uzito wake. Mwaka 2014 nchini Marekani, katika majimbo ya Illinois na Michigan, watu watano waliugua listeria iliyohusishwa na machipukizi ya pojo, yaani pojo zilizoota, kutoka kwa mzalishaji mmoja, na wawili kati yao wakafariki. Idadi ni ndogo, lakini ndivyo listeria ilivyo: haishiki wengi, ila inaowashika inawashika vibaya, hasa wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu.

Mabadiliko yanayoonekana kwa macho huanza kama siku ya tatu. Ncha za mikia hugeuka rangi ya kahawia, mashina hukosa mng'ao, na maji mazito huonekana chini ya chombo. Ukizishika zinateleza, na harufu inakuwa kama ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Hapo mtu yeyote angetupa. Tatizo liko kwa zile ambazo hazijafika hapo. Ute na harufu hutengenezwa na bakteria wanaoozesha, na hao ni wengine kabisa. Salmonela inaweza kuwa mamilioni kwenye kijiko cha pojo na isibadilishe rangi, wala harufu, wala ladha. Pua inaweza kukuambia "hizi zimeharibika", lakini haina uwezo wa kukuambia "hizi ni salama". Hata pojo zilizoota vizuri kabisa huwa na bakteria wa kila aina wapatao milioni mia kwa gramu moja, wengi wao wasio na madhara, na zinanukia vizuri tu.

Mfano unaoeleza haya yote kuliko mwingine wowote ulitokea Ujerumani mwaka 2011. Mwezi wa Mei watu wazima wenye afya, wengi wao wanawake, walianza kufika hospitalini wakiwa na kuhara damu, na baadhi figo zao zikasimama. Mwanzo lawama ilienda kwa matango kutoka Hispania, na watu wakaambiwa waache matango, nyanya na saladi ya majani. Wakulima walitupa mazao yao. Tarehe 10 Juni ndipo mamlaka za Ujerumani zilipotangaza kwamba chanzo ni machipukizi ya mbegu kutoka shamba moja huko Saksonia ya Chini. Moja ya sababu za kuchelewa ni kwamba machipukizi hutiwa kidogo tu juu ya sahani, na mgonjwa akiulizwa alikula nini hutaja nyanya na tango alizoziona, akasahau yale machipukizi machache yaliyokuwa juu.

Jumla watu zaidi ya 3,800 waliugua nchini humo na zaidi ya 50 wakafa. Mwezi huo huo wa Juni, karibu na mji wa Bordeaux huko Ufaransa, watu wengine waliugua aina ile ile ya E. koli baada ya kula machipukizi yaliyooteshwa mahali pengine kabisa, na mtu mwingine kabisa, kwa mbegu zilizonunuliwa kwenye pakiti. Kilichounganisha sehemu mbili hizo kilikuwa uwatu. Wachunguzi wa Ulaya walifuata nyaraka za mbegu na kuhitimisha kwamba asili yake inayoelekea zaidi ni shehena ya uwatu kutoka Misri iliyoingia Ujerumani mwishoni mwa mwaka 2009. Mbegu zilikuwa zimekaa kavu zaidi ya mwaka kabla ya kumwagiwa maji. Na jambo la kuzingatia ni hili: mbegu zilipopimwa, E. koli ile haikupatikana ndani yake. Huenda ilikuwa chache mno na imetawanyika mno, kipimo kikachota mahali isipokuwepo. Kuota ndiko kulikoigeuza kutoka isiyopimika hadi yenye kuua.

Ukikielewa kisa hicho, hoja nyingi zinazosikika huku kwetu zinajibika bila mabishano. Anayesema "zangu naotesha mwenyewe, najua usafi wangu" anasema kweli kuhusu mikono yake, kitambaa chake na bakuli lake. Hajui chochote kuhusu ghala. Yule wa Ufaransa naye alitumia mbegu za pakiti. Na ikiwa maji yenyewe ni ya kisima kifupi katikati ya mji, karibu na mashimo ya vyoo, basi suuzo tatu za kila siku zinaweza kuwa ndizo zinazoleta wageni. Maji ya kuotesha yawe ya kuchemshwa na kupozwa au yaliyotibiwa, na kitambaa kichemshwe kila mara kabla ya kufungia, lakini hayo yanazuia uchafu mpya tu. Uliokuja na punje unabaki.

Kuna wanaotegemea ndimu, siki au chumvi. Kachumbari yenyewe ina ndimu, kwa hiyo mtu huhisi imejisafisha. Tatizo ni mahali vijidudu vilipo. Mkia wa pojo una vinywele vidogo, ganda lina nyufa, shina lina vijitundu, na vijidudu hujijengea utando mwembamba unaonata ambao maji na tindikali havipenyi vizuri. Baadhi huingia ndani ya mmea wenyewe wakati unaota. Kuosha hupunguza vilivyoelea juu, basi. Ili uone ugumu wake: mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa mwaka 1999 uliwashauri wazalishaji walowanishe mbegu kavu kwenye maji yenye klorini ya sehemu 20,000 kwa milioni, nguvu ambayo haifanani hata kidogo na ile ya kutibu maji ya kunywa, na hata hivyo hawakuitegemea. Waliwataka pia wapime maji yanayotoka kwenye mbegu saa 48 baada ya kuanza kuotesha, kabla ya kuuza, kwa sababu maji hayo yamepita kwenye kila punje na wakati huo vijidudu vimekwisha kuwa vingi vya kutosha kuonekana. Nyumbani huna kipimo hicho. Wala usijaribu hiyo klorini jikoni. Mvuke wake na mabaki yake vitakuumiza kabla hujafaidi.

Kinachobaki, na kinachofanya kazi kwa hakika, ni moto. Salmonela, E. koli na listeria zote hufa chakula kikifika nyuzijoto 75 mpaka katikati. Kwa pojo zilizoota hilo ni jambo la dakika chache. Kwa robo kilo ya pojo zilizoota, chemsha lita mbili za maji mpaka yatokote kwa nguvu. Zitie kwa mafungu mawili, kwa sababu ukizitia zote kwa pamoja maji yanapoa na kukawia kurudi kutokota. Hesabu dakika mbili hadi tatu kuanzia pale maji yanapotokota tena, siyo pale ulipozitia. Zikoroge ili zilizoshikana zitengane. Zinakuwa zimelainika kidogo lakini bado zina ukakamavu wa kutafunika, na punje yenyewe haina tena ule ubichi wa kunata kwenye meno. Ukiuma na kukuta katikati pamepoa, bado. Ukizikaanga, karai liwe la moto na pojo zisijazane, mpaka mvuke utoke kwenye chungu nzima, maana zikijazana za chini huiva na za juu hupata joto tu.

Baada ya hapo watu wengi huharibu kazi yao kwa kuzimwagia maji ya bombani ili zisiendelee kuiva. Maji ambayo hungeyanywa usizipozee. Zitandaze kwenye sinia safi na zipoe kwa upepo, au tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Zisiguse tena kitambaa zilichootea, wala chujio lililoshika zile mbichi, wala ubao uliokatia samaki. Kisha zitie kwenye kachumbari na ndimu yako, zitakuwa na ladha ile ile. Vitamini C hupungua zikichemshwa, hilo ni kweli, lakini protini na nyuzinyuzi zinabaki, na vitamini hiyo utaipata kwenye pilipili hoho, nyanya na ndimu zilizomo humo humo kwenye kachumbari.

Zilizopikwa zikibaki, ziingie friji ndani ya saa mbili, na siku za kiangazi kikali ndani ya saa moja, kisha ziliwe kesho yake. Zilizo mbichi unazotaka kupika baadaye zikae kwenye friji siku mbili, si zaidi, rafu ya juu, chombo kikiwa kimefungwa, na samaki au kuku wowote mbichi wawe chini yake ili maji yao yasizidondokee. Zikianza kuteleza usizipike ili kuziokoa. Tupa, na osha droo kwa maji ya moto na sabuni, pamoja na mikunjo ya mpira wa mlango.

Kuna namna nyingine ya kuepuka shughuli hii kwa anayetaka tu faida ya kulowekwa, yaani pojo zinazoiva upesi na zisizojaza tumbo gesi. Ziloweke kwenye friji, mwaga maji yale, suuza, upike siku hiyo hiyo. Hazitakuwa zimetoa mkia, lakini hazitakuwa zimepitia zile siku mbili za joto. Na wale wanaoloweka uwatu usiku kucha mezani ili wanywe maji yake asubuhi, hali ni ile ile kwa kiasi kidogo: mbegu mbichi, maji, joto la usiku. Chemsheni maji hayo yatokote kabla ya kuyanywa.

Kwa wenye mikahawa na nyumba za wageni Shela au kando ya bahari Malindi, mgeni anayeagiza saladi hawezi kuona kama machipukizi yaliyo juu yake yamechemshwa au la. Wanaopaswa kutoyagusa kabisa yakiwa mabichi ni wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, na wanaotumia dawa zinazoshusha kinga. Wengi wa hao hawatajitambulisha mezani. Mpishi akiyachemsha yote asubuhi kwa dakika zile tatu, hana haja ya kumuuliza yeyote.

Mtu akiugua baada ya kuzila, muda unasaidia kutambua. Salmonela kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na siku 3, ikija na homa, maumivu ya tumbo na kuhara. Zile E. koli kali huchukua siku tatu au nne, wakati mwingine wiki, na dalili yake kubwa ni kuhara damu. Kwa kuhara damu nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usimeze dawa za kufunga tumbo wala antibiotiki za kujinunulia dukani, kwa sababu kwa ugonjwa huu zinaweza kuzidisha madhara ya figo. Mkojo ukipungua sana au uso ukivimba na kupauka, hasa kwa mtoto, hiyo ni dharura. Listeria inaweza kukawia wiki kadhaa, na kwa mjamzito huenda isionekane zaidi ya homa ya kawaida na uchovu wa mwili. Kwa hiyo mwambie daktari kwamba ulikula machipukizi mabichi, taja na tarehe, hata kama yalikuwa kijiko kimoja juu ya kachumbari na hata kama imeshapita wiki tatu.